Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi, kabla hujafungua Wiki ya Afya ya Akili ya watumishi

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi, shikamoo.

Mimi ni nesi wa afya ya akili kwenye mojawapo ya hospitali zetu za rufaa za mkoa. Nakuandikia wewe na wenzako wote mnaokalia kiti hicho, iwe mnaitwa wafawidhi au wakurugenzi, kwa sababu Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani na wiki hiyo hospitali zinafunga turubai, fulana zinachapishwa, na nyie mnasimama kufungua. Hotuba nyingi tunaziandaa sisi wa kitengo kwahiyo tunajua zinavyokaaga, inaanza itifaki ya meza kuu, zinakuja takwimu za dunia, halafu inafika ile sehemu ya kwamba mtumishi usione aibu, ukielemewa njoo kitengo chetu cha afya ya akili, mlango upo wazi na huduma ni ya siri. Watu wanapiga makofi. Hapo kwenye mlango upo wazi ndo naomba tukae kidogo, maana wewe unaposema vile unamaanisha wema kabisa, ila mkunga aliyekaa kiti cha nyuma anasikia kitu kingine.

Tumfuate huyo mkunga hatua kwa hatua. Yuko leba, kazini ana miaka kadhaa, ni mzuri wa kazi, ila kwa wiki tatu sasa halali, anaamka saa 9 usiku na hawezi kurudi usingizini, chakula hakimwingii, hata siku ya ofu hana hamu ya mtoto wake kumpandia mgongoni. Kama nesi anajijua, anaona kabisa hii inaelekea kwenye sonona. Sasa amekusikia, ameamua kuja. Kwanza anapita masjala kufungua jalada, na pale masjala anakaa dada wanayekula naye chai. Anaandikwa kliniki ya kwenda. Anakaa kwenye benchi la korido yetu, korido ambayo hospitali nzima inajua wanaokaa pale wamekuja kwa nini, na ndugu wa wagonjwa wake wa leba wanapita wanamuona, nesi yule yule aliyewapokea juzi. Anamuona daktari ambaye wiki iliyopita walikuwa wote kwenye kikao. Anaandikiwa dawa, anaenda dirisha la dawa, fluoksetini au amitriptilini inasomwa kwenye skrini na mfamasia mwenzie. Fomu ya bima inajazwa na ndani yake panaandikwa F32, namba ya sonona.

Mheshimiwa, hapo kwenye F32 ndo tofauti ya hospitali na ofisi zingine zote. Mhasibu wa kiwanda akipeleka karatasi yenye F32 kwa afisa utumishi wake, yule afisa anaona herufi na namba tu. Kwetu sisi kila mtu anaisoma. Karani wa bima anaisoma, inchaji anaisoma, intern wa mwezi mmoja anaisoma, na kufika jioni leba nzima inajua kwamba fulani ana sonona, kesho yake mtu anasema kwa sauti ya chini huyu tusimuachie mgonjwa mwenye presha peke yake, na kesho kutwa mwingine anataja Mirembe huku wengine wanacheka. Hakuna aliyevunja amri yoyote kubwa, kila mmoja ameona kitu kimoja kidogo kwenye kazi yake ya kawaida. Unyanyapaa hospitalini kwetu unatengenezwa hivyo, na jalada, na benchi, na skrini. Watumishi hawajakosa elimu, hawa watu wanafundisha wenzao kuhusu sonona, wanajua kuliko mtu yeyote mtaani. Wanachokijua zaidi ni nani atasoma karatasi. Kwahiyo ukiwahimiza wasione aibu bila kugusa karatasi, unamuomba mkunga abebe yeye mwenyewe hasara ambayo ungeweza kuiondoa wewe kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Na waraka huo siyo mgumu. Kuna mambo ambayo ukiyasema siku ile mbele ya watu na kuyasaini, yatafanya kazi kuliko mabango yote.

La kwanza ni pa kwenda. Kaa na mfawidhi mwenzako wa hospitali nyingine, mkubaliane kwamba watumishi wako wanaonwa kwake na wake wanaonwa kwako. Mtumishi wa umma ana bima, kadi inatembea nae. Akienda kule anakuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, hana mtu wa kula nae chai kwenye masjala. Mikoa mingine hospitali ya pili iko mbali, najua, nauli ni pesa na siku nzima inakwisha, kwahiyo ziara ya kwanza aende, zinazofuata ziwe za simu pale inapowezekana, na siku ya kwenda ihesabiwe ruhusa ya matibabu kama ya mtu aliyeenda kupiga picha ya mgongo. Anayetaka kutibiwa hapa hapa nyumbani nae aachwe, wapo wanaoniamini mimi kuliko mgeni, ila ajue mapema nani anaweza kufungua jalada lake, na kama mfumo unaonyesha nani kafungua jalada gani, mtu wa mfumo aagizwe akague majalada ya watumishi kila mwezi na akuletee wewe. Mtu mmoja tu akiulizwa kwa maandishi kwa nini alifungua jalada la mwenzake asiyemhudumia, tabia itapungua haraka sana.

La pili ni karatasi ya kazini. Saivi mtu akipewa ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazi, inabeba jina la ugonjwa hadi kwa inchaji, na inchaji hahitaji kuujua. Anachohitaji kujua ni huyu mtu anaweza nini na hawezi nini, mpaka lini. Nikupe mfano wa dawa uone kwa nini ni muhimu. Huyu mkunga akianzishiwa amitriptilini, ni dawa inayoleta usingizi, inamezwa usiku na asubuhi mtu anaweza kuamka kichwa kizito. Sasa mtu wa zamu ya usiku ataimeza saa ngapi? Akiimeza kabla ya zamu anasinzia juu ya mama mwenye uchungu, asipoimeza dawa haifanyi kazi, na hizi dawa zinachukua wiki mbili mpaka nne hivi kabla mtu hajaanza kuona nafuu ya maana, baada ya hapo anatakiwa aendelee miezi sita au zaidi hata kama anajisikia mzima. Nimeona watu wanaacha wiki ya pili kwa sababu ya rosta tu, halafu tunasema dawa haikumfaa. Unaweza kumbadilishia, fluoksetini inamezwa asubuhi na wengi haiwasinzishi, ila hata yeye kukosa usingizi wa usiku ndo ugonjwa wenyewe unaoutibu, huwezi kumuweka usiku nne mfululizo ukategemea apone. Karatasi inayotosha inasema hivi: mtumishi asipangwe usiku kwa wiki sita, atarudi kuonwa tarehe fulani, sahihi ya daktari. Basi. Haina F32, haina neno sonona, na mwenye mgongo mbovu au mimba changa anapewa karatasi inayofanana nayo neno kwa neno ili hakuna wa kubahatisha.

Sasa nije kwenye huu uchovu wa kazi uliopitiliza, vijana wanauita banauti, maana kwenye hotuba unachanganywaga na sonona kama kitu kimoja na dawa zake zinachanganywa pia. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 limeuweka kama hali inayotokana na kazi, limesema wazi kwamba siyo ugonjwa, na limeutaja kwa mambo matatu: nguvu zimeisha kabisa, moyo umejitenga na kazi au umekuwa na ubaridi na dharau nayo, na mtu anaona anachofanya hakina matokeo. Chanzo kilichotajwa ni msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Kuutofautisha na sonona siyo kazi ya dakika moja na mara nyingi vinakuja pamoja, ila kuna swali moja linanisaidia sana, namuuliza mtu likizo yako ya mwisho ilikuwaje. Wa uchovu wa kazi ataniambia wiki ya pili nilianza kucheka, nikaanza kuumwa tumbo siku mbili kabla ya kurudi. Wa sonona ataniambia likizo ilikuwa ile ile tu, hata harusini sikusikia kitu. Wa pili anahitaji matibabu. Wa kwanza anahitaji rosta, na rosta ipo chini ya ofisi yako.

Twende kwenye hesabu, ni ndogo tu. Leba ya kawaida, chukua asubuhi wakunga watatu, saa 2 hadi saa 10, hayo ni masaa 8 kila mmoja. Jioni wawili, saa 8 mchana hadi saa 2 usiku, masaa 6. Usiku wawili, saa 2 hadi saa 2, masaa 12. Jumlisha: 24 na 12 na 24, unapata masaa 60 kwa siku, kwa wiki 420. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, na inatuhusu sisi watumishi wa umma pia. Gawa 420 kwa 45, unapata 9 na kitu. Yani kabla hujampa mtu hata mmoja likizo yake ya siku 28, kabla hajaumwa mtu, unahitaji wakunga 10 ili leba iende kwa masaa halali. Sasa kwenye orodha ya ukutani wapo 8. Mmoja yuko likizo ya uzazi siku 84, mmoja yuko masomoni lakini jina lake bado linahesabiwa. Wamebaki 6. Gawa tena, 420 kwa 6, ni masaa 70 kwa kila mtu kila wiki, na hapo hujaweka ile nusu saa ya kukabidhi zamu wala kushonwa kwa mama aliyejifungua saa moja na nusu asubuhi.

Mtu wa masaa 70 huwezi kumtibu kwa semina ya kupumua kwa utulivu. Nimeziendesha mimi mwenyewe hizo semina na zina faida yake kwa mtu mwenye wasiwasi, sizikatai. Ila ukimpeleka semina mtu ambaye tatizo lake ni masaa 25 ya ziada kila wiki anakuelewa kwamba umemwambia tatizo ni yeye, na anaongeza lingine juu, kwamba hata kupumua nimeshindwa.

Najua huajiri wewe. Vibali vya ajira vinatoka juu na unaandika barua kila mwaka, hilo nalijua na watumishi wanalijua, na ukilisema waziwazi kwenye hotuba hakuna atakayekulaumu. Lakini kuna vitu vipo mezani kwako. Kila wodi ikuletee mwisho wa mwezi masaa halisi ya kila mtu, namaanisha waliofanya kweli, siyo rosta iliyobandikwa, kwa sababu rosta iliyobandikwa ni safi siku zote na daftari la zamu ndo linasema ukweli. Aliyepita masaa 45 kwa wiki mwezi mzima ajulikane kwa jina na alipwe au afidiwe mapumziko. Masaa 12 ya kupumzika mfululizo kati ya zamu na zamu nayo yako kwenye sheria ile ile, na masaa 24 kila wiki, dharura ya kweli ina nafasi yake kwenye sheria lakini pengo la mwaka mzima siyo dharura. Pale leba ikibaki na watu 6 unaweza kumhamisha mtu kutoka kliniki ya mchana kwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, au kuajiri wa mkataba kwa mapato ya ndani kama yanaruhusu, na yasiporuhusu basi itangazwe hadharani nini hospitali itapunguza, maana saivi kinachopunguzwa ni usingizi wa wakunga na hakuna kikao kilichowahi kupitisha hilo.

Na tafadhali, ufunguzi wenyewe uwe saa 9 mchana. Ukiwa saa 3 asubuhi walioingia usiku wanaambiwa wasubiri ili turubai lijae, nimewaona wamelala kwa kukaa na fulana mpya kifuani.

Kuna jambo lingine linalofungamana na hapo na linaniuma. Wananchi wanalalamika manesi wana lugha mbaya, na ni kweli, wapo wanaowafokea akinamama leba na hakuna mama anayestahili hilo. Kila malalamiko yakija tunatoa waraka wa lugha nzuri kwa mteja. Lakini rudi kwenye yale mambo matatu, la pili ni ubaridi na dharau kwa kazi. Mkunga ambaye mwaka jana alikuwa anashika mkono wa mama na mwaka huu anajibu bila kumtazama, mara nyingi ndo dalili inayoonekana mapema kuliko zote, inaonekana kabla yeye mwenyewe hajajua, na wanaoiona kwanza ni wagonjwa. Adhibu panapostahili adhabu, wala sitetei. Ila malalamiko matatu kutoka wodi moja ndani ya mwezi yakufanye uombe na daftari la masaa la wodi hiyo siku hiyo hiyo, uviweke meza moja uvisome pamoja.

Kisha mama anapofariki. Kila hospitali inayo siku hiyo. Mama kajifungua vizuri, damu ikaanza kutoka, uterasi haikazi, wamempa oksitosini, wamekanda, wameita, damu ya kuongezwa imechelewa, amefariki saa 10 alfajiri na mtoto yuko hai analia kitanda cha pembeni. Wale wakunga wawili wanaandika, wanamuandaa marehemu, wanawapokea ndugu, halafu zamu inaendelea kwa sababu wapo wengine wanne wenye uchungu. Saa 2 asubuhi wanaitwa ofisini kujieleza. Kwa mwongozo wa mapitio ya vifo vya uzazi, kikao kile ni cha kujifunza, bila kutaja jina na bila lawama, na wewe ndo unayekilinda kibaki hivyo. Ukiulizia kwa ukali nani alikuwa zamu, mwongozo umekufa pale pale na kikao kijacho maelezo yote yatakuwa yamepigwa pasi.

Upande wa pili kuna kosa la wema. Wafawidhi wengine wakisikia afya ya akili wanaagiza timu yote ikae siku ile ile, kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia. Tafiti za miaka mingi kuhusu kikao cha namna hiyo cha mara moja hazikuonyesha kwamba kinazuia madhara ya baadae, na baadhi ziliwakuta waliopitishwa humo wakiwa na hali mbaya zaidi ya wasiopitishwa. Kinachofaa ni kidogo na cha kawaida. Watolewe zamu, mtu mwingine aingie hata kama ni metroni mwenyewe. Wapate chai, wapigiwe simu nyumbani waje kuchukuliwa, wasiende na bodaboda peke yao. Anayetaka kuongea aongee na mtu anayemchagua yeye, asiyetaka aachwe. Kesho yake mtu mmoja ampigie kumjulia hali, halafu wiki ya tatu au ya nne hivi amuulize tena, na hii ya pili ndo inasahaulika kabisa, wakati ndo muda ambao wengine wanaanza kuota ile alfajiri na kukwepa kupangwa leba.

Nimalizie na fomu, maana wiki hiyo tutagawa ya maswali tisa, PHQ-9. Inauliza wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 tunataka kumuona mtu. Ni kifaa kizuri. Lakini swali la tisa linauliza kama umewaza ni bora ufe au ujidhuru, na fomu zetu mwaka hadi mwaka zinakusanywa na inchaji, zina jina na kitengo. Mtumishi wa hospitali amekaa pembeni ya kitanda cha mtu aliyenusurika, akaona askari wamekuja, kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 217 bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba, sisi bado. Mtu aliyeona hayo kwa macho hawezi kuandika 2 au 3 kwenye swali hilo juu ya karatasi yenye jina lake, ataandika 0, na sisi tutakuletea ripoti kwamba hospitali nzima hakuna mwenye mawazo hayo na utaisoma kwenye kufunga wiki ukishukuru.

Kwahiyo fomu yenye jina isigawiwe kwa pamoja kabisa. Ya kujua hali ya hospitali iwe haina jina, haina kada, na wodi yenye watu wachache iunganishwe na nyingine ili asibahatishwe mtu. Swali la tisa tuliulize uso kwa uso, chumbani, na mtu aliyefundishwa, na anayejibu ndiyo asiondoke bila mpango wa siku hiyo hiyo: nani analala nae usiku huu, namba ipi anapiga, anaonwa tena lini. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo, hili tulisemee kwenye hotuba kwa sababu hata madaktari wetu wengine bado wanaliogopa. Na kabla ya yote naomba useme wewe, kwa mdomo wako na mbele ya katibu wa afya, kwamba mtumishi atakayesema anawaza kufa atapelekwa kwa mtabibu, na kwamba kusema hivyo hakutaandikwa kwenye faili lake la utumishi wala hakutamuondolea cheo. Kuwaza siyo kosa hata kwa hicho kifungu, na bado wapo wasiolijua hilo humu humu hospitalini.

Wako katika kazi,
Nesi wa afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa